Rangi Imekolea, Chanuo Halipiti

Mtu amejipaka rangi ya kahawia nyumbani, amesubiri nusu saa kama boksi linavyoagiza, na sasa anasuuza. Maji yanatoka yamekolea, kisha yanaanza kuwa safi, na hapo ndipo vidole vinaponasa. Nywele zilizokuwa zikiteleza asubuhi sasa zinakwaruza na zimeshikana mafungu mafungu. Wengi hudhani dawa imewaunguza. Mara nyingi haijaunguza kitu. Rangi ya kudumu haina njia nyingine ya kuingia.

Rangi hiyo huja katika vyombo viwili. Kimoja kina amonia pamoja na chembe ndogo ambazo bado hazijapata rangi. Kingine kina peroksaidi, mara nyingi ya asilimia 6. Vikichanganywa, pH hupanda hadi 9 au 10, yaani upande wa alkali, ilhali unywele hutulia zaidi kwenye asidi, karibu na 4. Sehemu ya nje ya unywele ni magamba membamba yaliyopandana kama makuti ya paa, ncha zake zikielekea mwisho wa unywele. Alkali huuvimbisha unywele na kuyainua magamba hayo, chembe zikapenya, na humo ndani peroksaidi huziunganisha kuwa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka.

Maelezo ya saluni huishia hapo: magamba yamefunguka, kondishena itayafunga. Ni kweli nusu tu. Juu ya magamba kuna utando wa mafuta ambao unywele huota nao, mwembamba usioonekana, ulioshikwa na gamba kwa kiungo cha kikemia. Wanakemia huuita 18-MEA. Huo ndio unaofanya nywele mbili zipishane bila kukwama, na tone la maji lisimame juu ya unywele badala ya kunywewa. Peroksaidi ikiwa ndani ya alkali hukikata kiungo hicho, na utando huondoka na maji ya kusuuzia. Peroksaidi hiyohiyo hubadilisha sehemu ya protini ya unywele na kuacha vituo vingi vyenye chaji hasi. Unywele uliokuwa ukiyakimbia maji sasa unayanywa, unavimba, na kila unapougusa mwenzake unakwaruzana nao.

Kondishena yenye asidi hufanya kazi mbili kwa pamoja. Asidi yake, ya ndimu au ya maziwa, huishusha pH hadi karibu 4, ikafuta alkali iliyobaki. Uvimbe unapungua na magamba yanalala. Hata rangi zinazoandikwa kuwa hazina amonia zinaihitaji, kwa sababu nyingi hutumia alkali nyingine isiyo na harufu, ambayo hairuki hewani upesi kama amonia.

Lakini utelezi wenyewe hautokani na asidi. Unatokana na viungo vyenye chaji chanya, kama behentrimoniamu au setrimoniamu, vikichanganywa na mafuta mazito. Chaji chanya hufuata hasi, kwa hiyo hujibandika zaidi palepale palipoharibika na kuacha mkia wa mafuta ukitazama nje, badala ya utando uliopotea. Ndiyo maana siki iliyozimuliwa kwa maji hupunguza ukwaruzaji kidogo tu: inashusha pH, lakini haina cha kubandika.

Turudi kwa yule aliyekuwa akisuuza. Kosa kubwa analoweza kufanya sasa ni kuchukua sabuni ya mche, ambayo ni alkali nyingine, au kuvuta chanuo kuanzia kwenye mizizi. Asuuze mpaka maji yawe safi, akamue maji yaliyozidi, kisha apake ile tyubu iliyokuja ndani ya boksi, akianzia nchani. Aiache kwa muda ulioandikwa, mara nyingi dakika 2 hadi 5, na achane kondishena ikiwa bado ipo, kutoka nchani kwenda juu. Vidole vikipita bila kunasa, imeshika.

Nywele za kipilipili zinataka subira zaidi, maana kila mkunjo ni mahali pa kunasa. Na zilizokwisha kutiwa dawa ya kulainisha, yenye pH ya 12 au 13, zimekwisha kupoteza utando kabla rangi haijafika. Zikinyooka kama mpira zinapovutwa zikiwa na maji, au zikikatika mkononi, uharibifu umeingia ndani kabisa na kondishena haiwezi kuutibu.

Hata kwa nywele zilizo salama, utelezi huo ni wa kuazima. Shampuu huuondoa, ndiyo maana kondishena hurudiwa kila baada ya kuosha. Utando wa asili haurudi kwenye unywele uliopakwa; huja tu na unywele mpya unaoota. Kwa hiyo rangi inapofifia kwenye mizizi, heri kupaka sehemu iliyoota peke yake kuliko kuivuta dawa tena mpaka nchani.