Barua ya miche kutoka Muyinga

Tuseme direkta wa shule moja ya Gitega amepokea barua hii kutoka kwa mkulima wa Muyinga: «Bwana Direkta, baada ya salamu, nimesikia kwamba shule imepata kiwanja cha kulima, meta 20 kwa 30. Ninayo miche 30 ya miparachichi ya kubebesha, pamoja na machipukizi 20 ya migomba kutoka shambani kwangu. Nawapa watoto bure. Niambieni tu gari lije lini.» Barua ni ya mfano, lakini mtu wa kilimo akiisoma ataona mambo mawili tofauti kabisa: zawadi ya kupokea na zawadi ya kukataa kwa heshima.

Ya kukataa ni machipukizi. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulithibitishwa Burundi mwaka 2010, baada ya kuonekana Uganda, Kongo na Rwanda. Hauna dawa. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa na rangi ya kahawia, na shina likikatwa hutoa ute wa manjano. Lakini dalili hizo hazijitokezi siku bakteria wanapoingia. Chipukizi linaweza kuonekana zima, likasafirishwa, likapandwa, kisha likaanza kunyauka baadaye. Hapo jembe na panga la shule vimekwisha kugusa migomba mingine, na jioni mwanafunzi amelirudisha panga nyumbani. Mkulima hana nia mbaya; hata yeye hawezi kujua kwa macho. Shule ikitaka migomba, itafute miche iliyokuzwa maabara, na siku ua dume likichomoza liondolewe kwa kijiti chenye panda badala ya panga, maana wadudu huuchukua ugonjwa kutoka kwenye ua hilo.

Miparachichi ni habari nyingine, ila mkulima aulizwe maswali. Mche wa kubebesha huanza kuzaa katika miaka mitatu au minne. Ule ulioota kwa kokwa peke yake huweza kuchukua miaka mingi zaidi, na matunda yake si lazima yafanane na ya mama. Kiungo kinaonekana kama kovu juu kidogo ya udongo wa kiriba. Kovu hilo liwe limefunga vizuri, na mche ukishapandwa libaki juu ya ardhi. Kisha pindua kiriba utazame chini: mche uliokaa mno kitaluni huwa na mzizi mkuu uliojisokota, na mti wa namna hiyo hudumaa hata ukiupa samadi yote ya kijiji. Aulizwe pia aina. Ua la Hass huwa la kike asubuhi, na siku ya pili mchana hutoa chavua. La Fuerte ni kinyume chake. Ukizipanda pamoja, kila moja huipa nyingine chavua kwa wakati wake.

Sasa idadi. Miparachichi ikiachiana meta 7, katika upana wa meta 20 inaingia mistari mitatu, na katika urefu wa meta 30 miti minne kwa kila mstari. Ni 12, si 30. Tisa ya Hass na mitatu ya Fuerte inatosha, na katikati yake maharage na mboga zitalimwa kwa miaka ya mwanzo, kabla kivuli hakijafunga. Kama sehemu yoyote ya kiwanja hutuama maji, isipandwe: mizizi ya mparachichi huoza haraka.

Swali la gari lije lini ndilo linaloamua mengine yote. Mashimo ya sentimeta 60 kila upande yachimbwe mapema, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, na miche ifike mvua zikishashika, Oktoba au Novemba. Itakuwa na miezi mingi ya unyevu mbele yake. Hatari inakuja kiangazi cha kwanza, kuanzia Juni, kwa sababu katikati yake ndiyo likizo kubwa na watoto hawapo. Mti mchanga ukipewa lita 10 mara mbili kwa wiki, miti 12 inahitaji lita 240, yaani bidoni 12 za lita 20. Matandazo ya majani makavu hupunguza kiu hiyo, mradi yasiguse shina.

Kwa hiyo jibu la direkta linaweza kuwa fupi: shukrani, miche 12, aina zikitajwa, migomba hapana, na sababu yake, gari lije wiki ya pili baada ya mvua kushika, na jina la mlinzi au mzazi atakayebeba bidoni hizo mwezi Julai na Agosti. Kama jina hilo halijapatikana, ni heri aombe miche minne badala ya 12.