Ada ya Januari na Bei ya Bitcoin

Pesa nyingi za nyumbani huwa na tarehe. Kodi ya miezi sita ina siku ya kulipwa, na ada ya shule husubiriwa kila Januari. Sarafu ya mtandao kama Bitcoin haina tarehe wala bei ya chini iliyoahidiwa. Hatari ya kununua sarafu hiyo kwa pesa za matumizi inaanzia hapo: hata kama bei itapanda siku moja, siku hiyo si lazima iwe kabla shule hazijafunguliwa.

Bei ya Bitcoin huyumba kwa sababu zinazoeleweka. Shamba lina mavuno, nyumba ya kupangisha ina kodi, na hatifungani ya serikali ina riba. Mali hizo zina kipato cha kupimia thamani yake. Bitcoin haizai chochote, hivyo bei yake ni kile ambacho mnunuzi anayefuata yuko tayari kutoa. Tena idadi ya sarafu zake imewekewa ukomo wa milioni 21, na wanunuzi wakiongezeka hazitengenezwi kwa kasi zaidi. Kwa hiyo wimbi la wanunuzi au la wauzaji huishia kwenye bei. Wapo pia wanaonunua kwa mkopo wa soko. Bei ikishuka, sarafu zao huuzwa kwa lazima, na mauzo hayo huishusha zaidi.

Mfano wa kweli ni msimu wa 2021. Tarehe 10 Novemba mwaka huo Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Tarehe 24 Januari 2022 iliteremka chini ya dola 34,000. Mzazi wa Dar es Salaam aliyeweka ada ya shilingi 600,000 kwenye kilele kile angebaki na chini ya 300,000 siku hiyo, kabla ya makato ya kununua, kuuza na kutoa pesa kwenye simu. Akiuza, hasara imekuwa ya kudumu. Asipouza, ada haijalipwa.

Waliosubiri walisubiri sana. Novemba 2022 bei ilifika karibu dola 16,000, yaani ilikuwa imepoteza takriban asilimia 77. Hesabu ya kurudi ni ngumu kuliko ya kushuka: shilingi 100,000 iliyobaki 23,000 lazima iongezeke zaidi ya mara nne ili irudi ilipokuwa. Bitcoin ilirudi kwenye bei ile ya kilele Machi 2024. Januari tatu za ada zilikuwa zimepita.

Na hiyo ndiyo sarafu iliyorudi. Luna, iliyokuwa na bei ya makumi ya dola mwanzoni mwa Mei 2022, ilishuka hadi sehemu ndogo ya senti ndani ya siku chache. Hata sarafu ikibaki na thamani, anayeitunza anaweza kuanguka: Novemba hiyohiyo ya 2022 soko la FTX liliomba kinga ya kufilisika huku wateja wakishindwa kutoa pesa zao. Nchini Tanzania, mwenye akaunti benki ana Bodi ya Bima ya Amana, lakini sarafu za mtandao haziko chini ya kinga ya bodi hiyo.

Anayetaka kujaribu hata hivyo anahitaji kikomo kinachotokana na bajeti yake. Chukua familia yenye akiba ya shilingi 4,000,000 isiyo na deni. Matumizi ya mwezi, kodi ikiwa kando, ni 500,000, hivyo akiba ya dharura ya miezi mitatu ni 1,500,000. Kodi ya miezi sita ni 900,000, na ada ni 600,000. Zikitengwa zote, inabaki 1,000,000 isiyo na tarehe. Kikomo cha busara ni asilimia 5 ya hiyo iliyobaki, yaani shilingi 50,000, makato yakiwa ndani yake. Ikipotea yote, hakuna anayerudishwa nyumbani kutoka shuleni wala anayedaiwa na mwenye nyumba. Familia ambayo hesabu yake inaishia sifuri, au yenye deni la riba, kikomo chake ni sifuri.

Kikomo hicho ni cha jumla, hakijazwi upya kila mwezi. Kinachokivunja mara nyingi ni kuongeza pesa baada ya bei kushuka ili kufidia hasara: 50,000 ya kwanza huvuta 50,000 ya pili, kisha sehemu ya kodi. Mkopo wa simu haufai kabisa, kwa kuwa siku ya marejesho hufika bei ikiwa popote. Bei ikipanda, kipimo ni kilekile: kinachozidi asilimia 5 huuzwa na kurudishwa kwenye akiba.