Vipele vya Kidevuni

Bwana harusi alinyolewa asubuhi ya nikahi, na hadi saa kumi jioni kidevu chake kilikuwa kimeshatoa vipele. Katika picha, amevaa kanzu nyeupe na taa imempiga kwa ubavu. Kila kipele kina kimulimuli upande mmoja na kivuli upande wa pili, na kuzunguka taya ngozi imeiva wekundu uliochanganyika na weusi.

Fundi asiye na subira angepitisha ukungu juu ya kidevu chote. Vipele vingepotea, lakini na vinyweleo vingekwenda navyo, na bwana harusi angebaki na kidevu cha sanamu ya dirisha la duka. Mafundi wa picha hukwepa hilo kwa kutenganisha masafa, yaani kugawa picha katika leya mbili: moja inabeba rangi na vivuli vipana, nyingine inabeba chembechembe za ngozi peke yake.

Katika Photoshop ninanakili picha mara mbili. Nakala ya chini naiita Rangi, ya juu naiita Ngozi. Nailainisha Rangi kwa Gaussian Blur, na hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa. Napandisha Radius taratibu nikitazama shavu, nasimama pale vinyweleo vinapotoweka huku umbo la uso likisomeka bado. Kwa picha hii ya megapikseli 24, mabega hadi kofia, nilisimama kwenye pikseli 8. Uso ungekuwa mdogo zaidi ndani ya fremu, namba nayo ingeshuka. Ndiyo maana namba ya kuazima kwa mtu mwingine haifai kitu.

Kisha kwenye leya ya Ngozi nafungua Apply Image. Faili langu ni la biti 16, kwa hiyo naweka hivi:

```
Layer: Rangi    Invert: on
Blending: Add   Scale: 2   Offset: 0
```

Kwa faili la biti 8 ni `Subtract`, `Scale: 2`, `Offset: 128`, bila `Invert`. Leya inageuka kijivu yenye mikwaruzo ya ngozi. Hiyo ni tofauti kati ya picha halisi na ile yenye ukungu, ikiwa imegawanywa kwa mbili ili ienee kandokando ya kijivu cha kati. Ukiiweka katika Linear Light, tofauti inazidishwa kwa mbili na kurudishwa juu ya Rangi, picha ya mwanzo inazaliwa upya. Zima na uwashe leya zote mbili kwa pamoja: kama unaona chochote kinabadilika, umekosea mpangilio, anza tena.

Sasa swali kwa kila doa ni moja: linaishi leya ipi? Kimulimuli na kivuli chembamba cha kipele viko kwenye Ngozi. Navifunika kwa Clone Stamp, Sample ikiwa Current Layer, nikichota ngozi safi ya jirani iliyopigwa na mwanga uleule na yenye vinyweleo vinavyoelekea upande uleule. Brashi yangu ina ukingo mgumu kiasi. Ukingo laini sana huchanganya ngozi mbili nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo hutoka umefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara mia.

Vipele vikiisha, madoa ya rangi yanabaki, kwa sababu wekundu na weusi ule uko kwenye Rangi. Naichukua nakala ya Rangi, nazungushia eneo kwa Lasso yenye Feather ya pikseli 20, kisha Gaussian Blur ya pikseli 18 hivi. Vinyweleo havidhuriki, kwa kuwa viko leya nyingine. Halafu nashusha Opacity ya nakala hiyo hadi asilimia 60. Nikiiacha mia, kivuli cha chini ya mdomo kinaanza kuyeyuka na kidevu kinakuwa bapa. Watu wengi hulaumu leya ya Ngozi kwa sura ya plastiki, ilhali mara nyingi mkosaji ni mkono mzito kwenye Rangi.

Kilichonitesa ni pale taya inapokutana na kanzu. Ukungu ulipopita hapo, weupe wa kanzu ulivuja ndani ya shingo kwenye Rangi, na Ngozi ikahifadhi kinyume chake kama mstari mweusi. Leya hizo zikikaa bila kuguswa, zinafutana. Ukigusa moja tu, alama inajitokeza: nilichota ngozi karibu na kola, nikaipeleka shavuni, na mstari wa kola ukaja nayo. Vipele vitatu vya ukingoni nilirudi kuviondoa kwenye picha ya asili kwa Healing Brush, nikatenganisha masafa upya.

Kovu la utotoni juu ya nyusi sikuligusa. Mama yake angeuliza liko wapi.