Kache Ikioza, Usifute Faili la Kufuli

Mradi uliosakinishwa vizuri jana unagoma leo. Mwandishi wa programu ameandika `yarn install`, mistari imeshuka kwa kasi kama kawaida, halafu ikasimama hapa:

```
YN0018: lodash@npm:4.17.21: The remote archive
doesn't match the expected checksum
```

Jirani yake mezani, bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu, anamshauri afute folda la `node_modules`, afute `yarn.lock`, aanze upya. Ushauri huo umeenea kila panapoandikwa JavaScript, na mara nyingi kosa huondoka kweli. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kosa likishaondoka, hakuna anayeuliza ni kipi kati ya vilivyofutwa kilikuwa kibovu, wala ni nini kimeingia mahali pake.

Yarn, iliyotangazwa na Facebook mwaka 2016, na pnpm ni zana za kuleta vifurushi: vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, ambavyo mradi wa leo hautembei bila hivyo. Kazi yao inategemea vitu vitatu vinavyochanganywa sana. Cha kwanza ni `package.json`, ambamo mwenye mradi huandika anachokitaka, tena kwa ulegevu. Akiandika `^4.17.0` amesema toleo lolote kuanzia hapo litamfaa, mradi lisifike 5. Cha pili ni faili la kufuli, `yarn.lock` au `pnpm-lock.yaml`. Humo ulegevu umekwisha: limeandikwa toleo moja mahsusi pamoja na hashi yake, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Baiti moja ikibadilika, hashi nzima hubadilika. Cha tatu ni kache, ghala la nakala zilizokwisha kupakuliwa, ili kesho zisipakuliwe tena.

Kache ikipotea, hasara ni muda na bando. Faili la kufuli likipotea, umepotea uamuzi: orodha ya matoleo yaliyojaribiwa na kukubaliwa na timu nzima. Seva inaweza kukurudishia kila kifurushi, lakini haijui mradi wako ulikuwa umechagua kipi.

Turudi kwenye lile kosa. Ujumbe unataja nakala ya mbali, lakini Yarn hukagua pia zip iliyo kwenye kache ya kompyuta hiyo hiyo, na kauli huwa ile ile. Kwa hiyo swali la kwanza si nini kifutwe, bali nani hasemi kweli: kufuli, kache, au njia ya mtandao.

Kufuli ndilo jepesi kuchunguza. Amri ya `git status` itaonyesha kama `yarn.lock` imeguswa. Ikiwa haijaguswa, na mwenzako mwenye faili hilo hilo amesakinisha bila shida, basi kufuli limetoka kwenye orodha ya washukiwa. Ikiwa imeguswa bila sababu inayojulikana, `git restore yarn.lock` huirudisha ilivyokuwa.

Hatua ya pili ni kuitazama nakala yenyewe. Katika Yarn 4, kwenye Linux, kache ya kawaida iko chini ya folda la nyumbani la mtumiaji, na kila kifurushi ni faili moja la zip lenye jina linalosomeka:

```
ls -l ~/.yarn/berry/cache/lodash-npm-4.17.21-*
```

Tuseme jibu linaonyesha faili la baiti 0, au faili dogo mno likilinganishwa na lile lililo kwenye mashine ya mwenzake. Kinachotokea mara nyingi ni umeme kukatika wakati diski ikiandikwa, au diski kujaa katikati ya kazi. Lakini hata ukubwa ukilingana faili haliwi salama kwa hilo tu, kwani baiti zinaweza kuharibika bila idadi yake kubadilika.

Dawa hapa ni kuliondoa faili hilo moja tu, na kwa kulihamisha badala ya kulifuta, ili libaki kama ushahidi:

```
mv ~/.yarn/berry/cache/lodash-npm-4.17.21-* /tmp/
yarn install --immutable
```

Neno `--immutable` ndilo linalofanya usafi huu uwe salama. Linaiambia Yarn isakinishe kile tu kilichomo kwenye kufuli, na kama kufuli lingehitaji kubadilishwa hata kidogo, isimame na kulalamika. Nakala mpya ikishuka na hashi ikalingana, kesi imekwisha: kache ndiyo iliyokuwa mbovu, na mradi haukuguswa.

Wapo watakaoona kazi ya faili moja moja inawachosha. Kwao ipo `yarn cache clean`, ambayo husafisha kache yote, lakini kila kifurushi kitapakuliwa upya, na kwa anayefanya kazi kwa bando la simu hilo si jambo dogo. Ipo pia `yarn install --immutable --check-cache`, inayopakua tena kila kitu na kulinganisha na kilichopo. Ni ukaguzi mzuri ukishuku uharibifu mpana, ila gharama yake ya mtandao ni ile ile. Na kama timu yenu huhifadhi `.yarn/cache` ndani ya git pamoja na msimbo, nakala safi mnayo tayari: `git restore .yarn/cache`.

Na nakala mpya nayo ikikataliwa? Basi kache haina hatia, na kuisafisha mara ya pili hakutaleta jipya. Mshukiwa sasa ni njia. Wi-Fi ya hoteli inayodai kwanza ujiandikishe inaweza kumrudishia yeyote ukurasa wa kuingia badala ya kifurushi, na seva ya katikati ofisini inaweza kuwa imeshika nakala iliyokatika. Kubadili mtandao, hata kwa kutumia simu kama kituo, hutoa jibu kwa dakika chache. Kosa likibaki kwenye mitandao miwili tofauti, mtu asitafute tena cha kufuta. Ama kufuli limeandikwa vibaya, ama kilichoko kwenye seva sicho kilichokuwepo lilipoandikwa, na hilo linahitaji mazungumzo na timu. Njia ya mkato ipo, `YARN_CHECKSUM_BEHAVIOR=update`, ambayo huiambia Yarn ikubali hashi mpya na kuiandika kwenye kufuli. Kuitumia kabla ya kujua sababu ni kuzima king'ora huku moshi ukiendelea kufuka.

Kwa pnpm mambo huenda tofauti. Yenyewe haiweki zip. Huhifadhi kila faili la kila kifurushi kwenye ghala moja, ambalo `pnpm store path` itaonyesha lilipo. Pale ambapo mfumo wa diski hauwezi kunakili faili bila kurudia data, kwa mfano ext4 ya Linux, faili la ndani ya `node_modules` na lile la ghalani huwa ni kitu kimoja chenye majina mawili. Ndiyo maana pnpm hula diski kidogo. Ndiyo maana pia mtu anayefungua faili ndani ya `node_modules` na kuongeza mstari mmoja wa `console.log` ili kutafuta kosa anaweza kuwa amelihariri ghala lenyewe, na mstari huo ukajitokeza kwenye mradi mwingine kabisa ulio kwenye diski hiyo.

Kuna amri ya kuliuliza ghala moja kwa moja:

```
pnpm store status
```

Itataja vifurushi vya mradi ambavyo yaliyomo yamebadilishwa. Vikitajwa, `pnpm install --force` huvileta upya. Kwa kuwa `--force` inaweza pia kuliandika upya kufuli lililotengenezwa na toleo la pnpm lisilopatana na hili, `git diff pnpm-lock.yaml` ifuate mara moja baada yake. Wengi hukimbilia `pnpm store prune`, na wengi hao huielewa vibaya. Kazi yake ni kuondoa vifurushi ambavyo hakuna mradi unaovitumia, pamoja na kache ya taarifa za vifurushi. Kilichoharibika lakini bado kinatumiwa na mradi wa jirani kinaweza kubaki pale pale.

Ujumbe wa `ERR_PNPM_TARBALL_INTEGRITY` nao usichukuliwe kuwa ni ugonjwa wa ghala. Unahusu faili lililopakuliwa muda ule ule, nao huonyesha hashi mbili: iliyotarajiwa na iliyopatikana. Hapo kuna mtihani ambao zip za Yarn 4 haziruhusu, kwa sababu Yarn hukokotoa hashi ya zip iliyoifunga yenyewe, wakati pnpm hutumia hashi ile ile iliyotangazwa na rejista ya npm:

```
npm view lodash@4.17.21 dist.integrity
```

Jibu la lodash 4.17.21 huanza na `sha512-v2kDEe57`. Likilingana na lililo kwenye kufuli, rejista na kufuli wamekubaliana, na aliyeharibu yuko njiani. Yakitofautiana, kazi isimame.

Kwa nini basi kelele zote hizi juu ya faili la kufuli? Tarehe 8 Septemba 2025, mhalifu alimhadaa kwa barua pepe mmoja wa watunzaji wa vifurushi vya npm, akaingia kwenye akaunti yake na kuchapisha matoleo yenye sumu ya vifurushi 18, vikiwemo `chalk` na `debug`. Kwa pamoja vifurushi hivyo vilikuwa vikipakuliwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki. Msimbo uliopachikwa ulibadilisha anwani za sarafu za kidijitali kwenye kivinjari, ili fedha ziende kwa mwizi. Matoleo hayo yalikaa takriban saa mbili kabla ya kuanza kuondolewa. Mradi uliosakinisha kwa kufuli la zamani katika saa hizo uliendelea kupata matoleo ya zamani. Aliyefuta kufuli lake wakati huo kwa sababu kache ilimsumbua aliiomba rejista toleo jipya kuliko yote linaloruhusiwa, na `debug` 4.4.2, iliyokuwa na sumu, iliingia vizuri kabisa ndani ya `^4.3.0`.

Kuna hali moja ambapo kufuli lenyewe huwa limeharibika waziwazi, pale matawi mawili ya git yanapogongana na alama za `<<<<<<<` zikabaki ndani yake. Hata hapo halifutwi. Yarn na pnpm zote zinaweza kusoma faili lenye alama hizo na kulipatanisha, mtu akiendesha `install` ya kawaida na kisha kusoma kilichobadilika.

Kwenye seva za majaribio tatizo la kache hujirudia kwa njia yake. GitHub Actions, kwa mfano, haiandiki juu ya kache iliyokwisha kuhifadhiwa kwa ufunguo fulani. Kache mbovu ikishaingia, itarudishwa kila mara hadi ifutwe au ufunguo ubadilishwe, na kuendesha jaribio upya mara kumi hakutaigusa.

Ukishamaliza usafi wako, endesha `git status` mara moja zaidi kabla ya kutuma kazi. Kufuli likionekana limebadilika nawe hukuongeza wala kupandisha kifurushi chochote, lirudishe lilivyokuwa na umuulize mwenzako kwanza.