Ua wa mita 92: Jinsi ulalo unavyofichua urefu na upana wa ploti

Mkazi wa Changamwe anayetaka kununua ploti Likoni, akipitia kisiwani, huvuka Makupa kisha hupanda feri. Si ajabu basi kwamba wengi hupokea vipimo kwa simu kabla ya kufunga safari.

Chukua mfano wa mnunuzi mmoja wa aina hiyo. Muuzaji amemwambia kuwa ploti ni mstatili, na ua wake una mzunguko wa mita 92. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ndiyo iliyozoeleka, ina mzunguko wa karibu mita 91 na nusu. Kwa hivyo mnunuzi anaona mambo ni sawa.

Hata hivyo, mzunguko peke yake haumwambii ukubwa wa ardhi. Ploti ya mita 30 kwa 16 ina mzunguko wa mita 92 na eneo la mita mraba 480. Ploti ya mita 34 kwa 12 nayo ina mzunguko uo huo wa mita 92, lakini eneo lake ni mita mraba 408 tu. Ua ni sawa, ilhali mita mraba 72 zimetoweka.

Kinachohitajika ni kipimo kimoja zaidi, yaani ulalo: mstari ulionyooka kutoka pembe moja ya ploti hadi pembe inayoikabili. Mafundi wa ujenzi huupima mara kwa mara ili kuhakikisha kwamba pembe za msingi zimenyooka. Katika mfano huu, fundi aliyetumwa amepata mita 34.

Hatua ya kwanza ni kugawa mzunguko kwa mbili. Nusu ya 92 ni 46, na hiyo ndiyo jumla ya urefu mmoja na upana mmoja.

Hatua ya pili inategemea kanuni ya Pithagoras, isemayo kwamba mraba wa urefu ukijumlishwa na mraba wa upana hutoa mraba wa ulalo. 34 mara 34 ni 1,156. Lakini 46 mara 46 ni 2,116. Ziada ya 960 inatoka wapi? Mtu akichora mraba wenye upande wa mita 46, kisha akaugawa kwa urefu na upana wa ploti, atapata ndani yake mraba wa urefu, mraba wa upana, na mistatili miwili iliyo sawa na ploti yenyewe. Kwa hivyo 960 ni eneo la ploti mbili, na ploti moja ni mita mraba 480.

Hatua ya tatu ni kutafuta tofauti ya urefu na upana. Mraba wa tofauti hiyo hupatikana kwa kutoa 960 kutoka 1,156, na jibu ni 196. Kipeuo chake cha pili ni 14. Sasa kuna namba mbili ambazo jumla yake ni 46 na tofauti yake ni 14. Nusu ya 60 ni 30, na nusu ya 32 ni 16. Ploti ni mita 30 kwa 16.

Hesabu hii pia hufichua vipimo vya uongo. Kwa mzunguko wa mita 92, ulalo hauwezi kufika mita 46. Wala hauwezi kupungua chini ya takriban mita 32.53, ambao ni ulalo wa ploti yenye pande zote za mita 23. Namba iliyo nje ya mipaka hiyo ina maana kwamba mtu amekosea kupima, au ploti si mstatili.

Kosa dogo nalo hukua. Iwapo futi kamba ilizungushwa kando ya mnazi na ulalo ukasomwa mita 34.5, majibu yatakuwa takriban mita 31.13 kwa 14.87, na eneo mita mraba 463. Nusu mita ya kosa imepotosha kila upande kwa zaidi ya mita moja.

Ndiyo maana fundi anapaswa kupima ulalo wote wawili. Katika mstatili, hizo mbili huwa sawa. Zikitofautiana, pembe zimepinda au kipimo kimoja kina kosa, na hesabu haifai.

Mwisho, mnunuzi hulinganisha jibu lake na hati ya ardhi, ambayo huonyesha eneo kwa hekta. Mita mraba 480 ni hekta 0.048. Hati ikionyesha 0.041, ni heri kumwita mpima ardhi aliyesajiliwa kabla ya kutoa hata shilingi moja.