Heri ya Kuzaliwa, Simba Mwizi wa Dagaa

Mtoto wa darasa la tatu akiambiwa amwandikie paka wa nyumbani salamu za siku ya kuzaliwa, mara nyingi huanza hivi: "Heri ya siku ya kuzaliwa paka wetu mpendwa. Wewe ni paka mzuri. Tunakupenda sana. Mungu akubariki uishi miaka mingi." Hakuna kosa hapo, ila hakuna atakayecheka. Salamu hizo zingemfaa paka yeyote wa mtaa mzima, na mbuzi pia.

Kicheko huanzia kwenye mambo anayoyafanya paka huyo mmoja tu. Kwa hiyo kabla ya mtoto kushika kalamu, mzazi au dada mkubwa humwuliza maswali matatu. Wiki hii paka amefanya nini cha ajabu? Anaogopa nini? Amewahi kukutia matatani? Tuseme paka anaitwa Simba, na majibu ni haya: Jumapili aliiba dagaa jikoni, juzi alimkimbia kuku wa jirani, na kila jioni hulalia daftari la hesabu. Hayo yanatosha. Mtoto anaandika:

"Simba, heri ya kuzaliwa!
Leo umetimiza miaka miwili.
Jina lako Simba. Juzi ulimkimbia kuku.
Asante kwa kulalia daftari langu la hesabu. Mwalimu hakuamini.
Dagaa waliibwa Jumapili. Mama bado anamtafuta mwizi.
Mimi nimenyamaza.
Hiyo ndiyo zawadi yako."

Sentensi ya kuku inachekesha kwa sababu mbili zinazogongana zimewekwa bega kwa bega: jina kubwa na woga mkubwa. Mtoto hakueleza kwamba simba ni mfalme wa nyika wala hakusema "inashangaza kwamba". Ameweka mambo mawili, akaacha nukta katikati, msikilizaji akayaunganisha mwenyewe. Akiyaeleza, utamu unakwisha.

Sentensi za dagaa zina siri ya aina nyingine. Salamu zimeandikiwa paka, lakini zinasomwa sebuleni na mama amekaa pale pale. Mtoto anamwambia Simba kwamba amemfichia siri, na kwa kumwambia kwa sauti anakuwa ameitoa. Wasomaji wa Kiswahili wanaujua vizuri mtindo huu wa kumsemesha mmoja ili asikie mwingine. Ndivyo maandishi ya kanga yalivyofanya kazi uani miaka mingi: hayamtaji mtu, lakini mlengwa anajijua. Tofauti ni kwamba kanga inaweza kuuma, na salamu za paka hazina haja ya kuuma. Dagaa walioibwa ni jambo dogo ambalo mama mwenyewe atalicheka. Deni la baba dukani, au dada aliyeshindwa mtihani, ni mambo ya watu, na hayaingii kwenye karatasi hiyo hata yakichekesha.

Baada ya kuandika, mtoto anasoma kwa sauti mara moja huku mkubwa akisikiliza bila kumsahihisha. Pale anapokata pumzi katikati ya sentensi, sentensi ni ndefu. Pale anaporudia neno, neno ni gumu kwa ulimi wake. Neno kama "uliponinyang'anya" lina silabi saba, na sauti ny na ng' zinafuatana. Mtoto wa miaka minane atajikwaa, na akijikwaa kicheko kinamhusu yeye badala ya paka. "Ulichukua" inatosha. Salamu za Simba hazina sentensi inayozidi pumzi moja, na zote husomwa chini ya nusu dakika.

Mahali zinapoharibika zaidi ni mikononi mwa watu wazima. Mzazi anaona sentensi ni fupi mno, anazirefusha: "Ingawa unafahamika kwa jina la Simba, juzi nilikushuhudia ukikimbizwa na kuku." Ni Kiswahili sanifu, ila si sauti ya mtoto tena. Mkubwa asahihishe herufi iliyokosewa, aache mpangilio wa mtoto. Anachoweza kusaidia ni kuuliza sentensi ipi iwe ya mwisho. Salamu hizi zingemalizia kwa kuku, zingekuwa nzuri kiasi. Zimemalizia kwa zawadi ya kunyamaza, kwa sababu hapo ndipo mama anapogeuka.

Wapo watoto wanaokwama mapema zaidi: hawajui paka alizaliwa lini. Paka wengi wa nyumbani waliokotwa au waliingia wenyewe. Meno husaidia kukisia. Meno ya utoto ya paka huanza kuchomoza akiwa na wiki tatu hivi, na ya ukubwani huchukua nafasi yake kati ya miezi minne na sita. Paka aliyefika nyumbani huku meno yanabadilika anaweza kuhesabiwa kurudi nyuma, kisha familia ikachagua tarehe. Hata Jonathan, kobe maarufu wa kisiwa cha Mtakatifu Helena, alipewa tarehe kwa njia hiyo. Alifikishwa huko mwaka 1882 akitokea Shelisheli, tayari akiwa mzima kabisa, ndipo ikakadiriwa kwamba alizaliwa mwaka 1832 hivi. Mwaka 2022 gavana wa kisiwa alimtangazia siku rasmi ya kuzaliwa, tarehe 4 Desemba.

Umri nao ni mgodi wa vichekesho. Kwa makadirio yanayotumiwa na madaktari wa wanyama, paka wa miaka miwili analingana na binadamu wa miaka 24 hivi. Mtoto akilijua hilo anaweza kuongeza: "Kwa hesabu za paka una miaka ishirini na minne. Bado unalala kwa mama."

Je, paka mwenyewe anaambulia nini? Maneno hayaelewi, lakini jina lake anaweza kulitambua. Mwaka 2019 watafiti wa Japani wakiongozwa na Atsuko Saito walichapisha majaribio ambamo paka walisikilizishwa maneno manne ya kawaida yanayofanana kwa urefu na majina yao, kisha jina lenyewe. Kwa maneno ya kawaida wengi walizidi kutojali, lakini jina lilipotajwa waligeuza kichwa au masikio. Ndiyo maana ni vizuri "Simba" liwe neno la kwanza, litamkwe kwa sauti ya kila siku. Paka husikia sauti nyembamba kuliko zote tunazozisikia sisi, na kelele za ghafla humtisha. Watu wakipiga makofi na maputo yakipasuka, mwenye sherehe atakuwa chini ya kabati.

Zawadi ya pili, ile ya kuliwa, iwe dagaa wachache waliochemshwa kwa maji matupu, bila chumvi na bila pilipili. Kitunguu ni sumu kwa paka hata kikiwa kimepikwa, na chokoleti vilevile, kwa hiyo keki ya chokoleti ibaki kwa watu. Sahani ya dagaa iwekwe sakafuni baada ya mstari wa mwisho kusomwa. Ikiwekwa mapema, Simba ataila aondoke kabla hajashukuriwa kwa lile daftari la hesabu.