Shimo la Kufyonza Maji ya Septiki
Kabla ya kuchimba shimo la kufyonza maji ya septiki, huchimbwa kishimo cha upana wa sentimita 30 hadi kina kitakachotumika. Hujazwa maji na kuachwa usiku kucha udongo ulowe, kisha hujazwa tena, na kushuka kwa maji hupimwa kwa rula na saa.

Maji taka hupenya polepole kuliko maji safi ya kipimo, kwani utando wake huziba udongo. Hivyo tifutifu ya kichanga huhesabiwa lita 25 tu kwa mita ya mraba kwa siku. Familia inayomwaga lita 400 huhitaji mita za mraba 16 za kuta. Sakafu haihesabiwi, maana huziba mapema. Kwa kipenyo cha mita 1.5, kina ni mita 3.4 chini ya bomba. Kishimo kikikutwa asubuhi bado kimejaa, mahali hapo hapafai.